Kutangaza Muundo Mpya Kazini Kabla Redio Mbao Haijautangaza

Kabla bosi hajafungua mdomo, kantini inakuwa imeshajua kuna jambo. Mhasibu mkuu amekwenda Dodoma mara mbili ndani ya wiki moja na si msimu wa ukaguzi. Karatasi yenye visanduku na mishale imesahaulika kwenye printa. Fundi wa mabango ameulizwa bei ya kibao chenye jina la idara ambayo haipo. Watu hawana habari bado, wana dalili tu, na dalili isiyo na maelezo hujazwa na jibu baya kuliko yote: tunapunguzwa.

Kwa hiyo kazi ya anayetangaza muundo mpya ni kufupisha muda kati ya dalili na maelezo. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inapimwa kwa saa na dakika, kwa sababu tangazo zuri lililochelewa nusu siku linakuta watu wameshajitangazia wenyewe.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Kampuni ya kusambaza bidhaa za dukani, yaani sabuni, unga na mafuta ya kula, ina wafanyakazi 46: Dar es Salaam 30, Morogoro 9, Dodoma 7. Mpaka sasa kila tawi linanunua mzigo wake na kufunga hesabu zake. Kuanzia 1 Septemba manunuzi na hesabu zote zitafanyika Dar es Salaam, na matawi yatabaki na mauzo na usambazaji. Hakuna anayeachishwa kazi, lakini kazi za watu saba zinabadilika. Wahasibu wawili wa matawi hawatafunga tena vitabu. Watalinganisha hesabu za mauzo ya kila siku na kuripoti kwa mhasibu mkuu badala ya meneja wa tawi. Watunza stoo wawili wa matawi hawataagiza tena mzigo kwa wauzaji. Watapokea kutoka Dar na kupanga njia za magari. Dar es Salaam, ofisa manunuzi atanunua kwa ajili ya matawi yote, msaidizi wake anahamia stoo kuu, na msimamizi wa madereva, ambaye leo anaripoti kwa meneja mkuu moja kwa moja, atakuwa chini ya mkuu wa usambazaji, mtu ambaye jana walikuwa wakikaa meza moja kwenye kikao cha wakuu.

Kwanza, jiridhishe kwamba ni mabadiliko ya kazi kweli

Kama kuna nafasi hata moja inayoweza kufutwa na mwenye nayo akakosa pa kwenda, mwongozo huu haukuhusu bado. Huko ni kupunguza wafanyakazi, na sheria ina njia yake. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu wazo la kupunguza linapoanza kufikiriwa, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inataka taarifa ya angalau mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi. Ukilitangaza punguzo kwa jina la "mabadiliko ya majukumu" umewadanganya watu, na ukweli ukijulikana hakuna tangazo lako jingine litakaloaminika.

Hata pale ambapo hakuna anayeondoka, huwezi kuwapa watu barua zilizokamilika na kuwaambia watie saini. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo ya Tanzania kinaorodhesha mambo ambayo mfanyakazi anatakiwa kupewa kwa maandishi, yakiwamo maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri anatakiwa kuyarekebisha maandishi hayo kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kifungu cha 10 cha sheria ya Kenya kinasema karibu hayohayo.

Hili linabadilisha maneno ya tangazo lenyewe. Kampuni inaweza kusema: "Tumeamua kwamba manunuzi yote yatafanyika Dar." Haiwezi kumwambia mtunza stoo: "Tumeamua kwamba kazi yako mpya ni hii, mwisho." La kwanza ni uamuzi wa biashara, la pili ni mazungumzo ambayo bado hayajafanyika. Mameneja wengi huchanganya haya mawili katika sentensi moja, na hapo ndipo watu husikia kwamba kila kitu kimeshapikwa.

Karatasi ya watu saba

Wiki mbili kabla ya tangazo, kaa na meneja rasilimali watu mwandike ukurasa mmoja kwa kila mtu ambaye kazi yake inabadilika. Ukurasa uwe na mistari kumi: cheo, kazi za kila siku, anaripoti kwa nani, nani wanaripoti kwake, mahali pa kazi, saa, mshahara, posho, likizo, na miaka ya utumishi. Mbele ya kila mstari andika hali ya leo na hali ya kuanzia 1 Septemba. Pasipobadilika andika "haibadiliki". Usiruke. Mstari uliorukwa ndio utakaoulizwa, na ukisita kuujibu, mtu anaondoka na kusita kwako kana kwamba ndilo jibu.

Mstari wa posho ndio unaofichua mengi. Mtunza stoo wa Morogoro, kwa mfano, huenda analipwa nauli anapokwenda kwa wauzaji. Akiacha kuagiza, safari hizo zinakwisha na nauli nayo inakwisha. Mkuu wa kampuni anaona mshahara haujaguswa na anasema kwa moyo mweupe kwamba "hakuna anayepoteza chochote". Mtunza stoo anapiga hesabu na kuona kuna pesa ya kila mwezi iliyotoweka. Hakuna aliyekusudia uongo, lakini sentensi ile ilikuwa ya uongo. Pitieni hati za malipo za miezi mitatu ya nyuma za kila mmoja wa hao saba kabla ya kuandika neno "haibadiliki" kwenye mistari ya fedha.

Halafu andika orodha ya pili, ya watu ambao chati haiwaoni. Mameneja wawili wa matawi hawamo kwenye saba, vyeo vyao viko palepale, lakini kila mmoja anapoteza mhasibu aliyekuwa akiripoti kwake pamoja na mamlaka ya kununua. Madereva hawabadiliki, ila bosi wa bosi wao anabadilika. Hawa hawahitaji ukurasa wa mistari kumi, lakini wasisikie mara ya kwanza wakiwa wamesimama katikati ya umati.

Mafungu matatu ya maneno

Sasa chukua kila unachotaka kusema na ukipange katika mafungu matatu: lililoamuliwa, linaloendelea kuzungumzwa, na lisilojulikana bado. La tatu lazima liwe na tarehe ya jibu na jina la mwenye kujibu. Katika mfano wetu: kuhamishia manunuzi na hesabu Dar limeamuliwa. Kazi za kila siku za watu saba zinazungumzwa mpaka Ijumaa 31 Julai. Nauli za watunza stoo hazijulikani bado. Meneja mkuu atajibu kufikia Ijumaa 24 Julai.

Hofu ya wakuu wengi ni kwamba kusema "hatujui bado" kutaonekana udhaifu. Kinachoonekana udhaifu ni "tutawajulisha kwa wakati muafaka". Kila mfanyakazi wa Afrika Mashariki ameshawahi kuambiwa maneno hayo na anajua yana maana gani. Tarehe, hata ikiwa ya wiki mbili mbele, humpa mtu kitu cha kushika.

Ahadi kubwa, kwamba hakuna atakayepoteza kazi, isemwe tu kama wakurugenzi wameiandika kwenye muhtasari wa kikao chao, na isemwe na mipaka yake: "katika mabadiliko haya". Usiseme "kamwe" wala "msiwe na wasiwasi kabisa". Mwaka ujao biashara ikiyumba, mtu atakukumbusha neno kwa neno.

Kuchagua siku, na kuziba matundu

Tangazo letu ni Jumanne 14 Julai 2026. Jumanne inaacha Jumatatu ya kuwaandaa mameneja na siku tatu za kazi za kujibu maswali kabla ya wikiendi. Ijumaa ni mbaya: watu wanakwenda swala, wanakwenda nyumbani, na kwa siku mbili hakuna wa kumuuliza ila wenzao. Epuka pia siku za mwisho wa mwezi, kwa sababu mshahara ukichelewa hata kwa saa chache utahusishwa na muundo mpya. Tarehe 14 iko wiki moja baada ya Sabasaba na mbali na Nanenane, kwa hiyo wengi wapo kazini.

Mpaka siku hiyo, wanaojua wawe wachache: wakurugenzi, meneja mkuu, meneja rasilimali watu, mhasibu mkuu na mkuu wa usambazaji. Siri kwa kawaida haitoki mdomoni mwa hawa. Inatoka kwenye vitu. Barua zilizochapwa steshenari ya nje kwa sababu printa ya ofisi imeishiwa wino. Kikao kilichoandikwa kwenye kalenda ya pamoja kwa jina la "Muundo mpya". Fomu za kubadilisha waweka saini benki zilizopelekwa na mhudumu. Dereva aliyesikia simu nzima kutoka kiti cha mbele. Kibao, vitambulisho na fomu za benki viagizwe baada ya tangazo. Hakuna kati ya hivyo kinachohitajika kabla ya Septemba. Kuhusu dereva, zungumza simu ukifika.

Na kama habari imevuja kabla? Usikane. Siku hiyohiyo sema: "Ni kweli tunapanga kubadilisha namna manunuzi na hesabu zinavyofanyika. Maelezo kamili mtayapata Jumanne saa 4:30 asubuhi." Kisha, kama unaweza, leta tangazo mbele. Ukikana Alhamisi na kukiri Jumanne, umepoteza zaidi ya siri.

Jumatatu: mameneja wa matawi

Saa 8:00 mchana meneja mkuu anawapigia simu mameneja wawili wa matawi, mmoja baada ya mwingine, na si kwa simu ya pamoja. Wanapoteza mamlaka, wana haki ya kukasirika mbele ya mtu mmoja tu. Kila mmoja apewe nusu saa, kisha atumiwe kurasa za watu wake wawili na tangazo litakalosomwa. Jioni saa 12:00 apigiwe tena kuulizwa maswali aliyoyapata baada ya kusoma.

Nafasi hii ya usiku mmoja ina sababu. Meneja aliyeambiwa saa 3:00 asubuhi na kutakiwa awaambie watu wake saa 3:30 atayasema maneno yote kama yalivyoandikwa, ila uso utakuwa umevimba, na watu watasoma uso. Usiku mmoja unatosha kupoa. Siku tatu ni nyingi mno. Ataanza kuwadokeza anaowapenda.

Jumanne asubuhi: mmoja mmoja

Kanuni ni moja: hakuna anayesikia habari ya kazi yake mwenyewe akiwa kwenye kundi. Kila mmoja wa saba anakaa na msimamizi wake dakika 25. Dar es Salaam wako watatu, kwa hiyo meneja mkuu anaanza saa 3:00 na kumaliza saa 4:15. Morogoro na Dodoma wako wawili wawili, dakika 50, kwa hiyo wao waanze saa 3:25 ili wote wamalize saa 4:15. Mkutano wa wote ni saa 4:30. Kwa mpango huu aliyeambiwa mapema kuliko wote anamaliza saa 3:25 na anakaa na habari saa moja na dakika tano. Hicho ndicho kiasi cha kumwomba mtu anyamaze. Kumwomba alale nayo ni kumtwisha mzigo usio wake, na hata yeye akinyamaza, wenzake watamwona hakula mchana.

Katika Dar, anza na msimamizi wa madereva. Habari yake ndiyo nzito zaidi na hapaswi kuona wengine wawili wakitoka mbele yake.

Namna ya kumwita nayo ni habari. "Njoo mara moja ofisini" kwa simu, bila zaidi, humfanya mtu atembee ukumbini huku anajihukumu. Mpigie asubuhi hiyo, umwambie: "Naomba tukae saa 3:00, dakika 25, kuhusu mpango wa kazi kuanzia Septemba. Si suala la nidhamu." Salamu ziwe kamili lakini fupi. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo yake haikwepeki, ila ukiuliza habari za nyumbani, za shamba na za watoto mpaka dakika ya saba, anajua unaogopa kusema. Baada ya salamu, ingia:

"Mzee, nimekuita nikueleze jambo kabla halijatangazwa saa 4:30. Kuanzia 1 Septemba, manunuzi na hesabu za matawi yote zitafanyika hapa Dar. Magari ya matawi yote nayo yatapangwa mahali pamoja. Wewe utaendelea na madereva wako, mshahara wako uko palepale. Kinachobadilika ni kwamba utaripoti kwa mkuu wa usambazaji, si kwangu tena, na hutakuwamo kwenye kikao cha wakuu cha kila Jumatatu. Najua hilo ni kushuka hatua moja katika ngazi, na sitaliita jina jingine."

Sentensi ya mwisho ndiyo mameneja huikata. Badala yake humpa mtu cheo chenye jina refu, kama "mratibu mwandamizi wa shughuli za magari", wakidhani wamemheshimu. Mtu mzima anajua kama amepanda au ameshuka, na akiona unamchezea kwa jina, ataamini kwamba na mshahara una mchezo. Heshima katika kikao hiki iko kwenye kusema lililo chungu kwa sauti ya kawaida, kisha kunyamaza. Mwache anyamaze naye. Dakika nzima ya kimya inaonekana ndefu, lakini usiijaze kwa maelezo, kwa sababu maelezo yanayoongezwa kwa kuogopa kimya ndiyo yanayokuwa ahadi zisizopangwa: "tutaona namna ya kukufidia", "mwakani mambo yatarudi".

Baada ya hapo pitieni ukurasa wake mstari kwa mstari na umpe nakala. Mwambie wazi kwamba ukurasa ule ni pendekezo, kwamba mtakutana tena ndani ya siku saba naye akiwa ameshausoma, na kwamba anaweza kuja na mwakilishi wa wafanyakazi. Swali la mwisho litakuwa: "Na nikikataa?" Jibu lake liwe limeandaliwa, na liwe moja kwa wote saba: "Mkataba wako wa sasa unaendelea kutumika mpaka tukubaliane kwa maandishi. Tutakaa tena, tutasikiliza sababu zako, na hakuna atakayeadhibiwa kwa kukataa." Usilitoe kama vitisho wala kama utani. Kumfanyia mtu kazi iwe ngumu mpaka aondoke mwenyewe hakumwokoi mwajiri: sheria ya Tanzania inahesabu kwamba mwajiri ndiye aliyemwachisha, na shauri linaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kama mahali pa kazi pana tawi la chama cha wafanyakazi, mwenyekiti wake aambiwe asubuhi hiyohiyo, saa 4:00, si baada ya mkutano. Watu watamwangalia yeye usoni mara tu tangazo likiisha.

Saa 4:30: tangazo la wote

Lisomwe kwenye karatasi, kwa wakati mmoja katika vituo vitatu. Usitegemee mkutano wa video; mtandao ukikatika Dodoma katikati ya sentensi inayosema "kazi za watu saba", watajaza wenyewe kilichobaki. Meneja wa tawi asome maneno yaleyale, akiwa ameyachapa. Huu hapa mfano, unasomeka kwa takriban dakika mbili:

"Habari za asubuhi. Kuanzia 1 Septemba tunabadilisha namna tunavyofanya manunuzi na hesabu. Leo kila tawi linanunua peke yake, na mara nyingi matawi mawili yananunua bidhaa ileile kwa bei mbili tofauti ndani ya wiki moja. Kuanzia Septemba manunuzi yote na hesabu zote zitafanyika Dar es Salaam, na upangaji wa magari utakuwa chini ya mkuu wa usambazaji. Matawi ya Morogoro na Dodoma yanabaki, pamoja na mauzo na usambazaji wake. Kazi za watu saba zitabadilika. Wote saba wameshaambiwa asubuhi hii, kwa hiyo kama hujaitwa, kazi yako haimo kwenye mabadiliko haya. Hakuna anayeachishwa kazi katika mabadiliko haya, na wakurugenzi wameliandika hilo. Hakuna mshahara unaopungua. Kuna jambo moja hatujalimaliza: nauli za safari za watunza stoo. Jibu litatolewa kufikia Ijumaa 24 Julai, na nitalitoa mimi. Mazungumzo na watu saba yataendelea mpaka 31 Julai, na barua zitakuwa tayari kufikia 14 Agosti. Sasa naomba maswali."

Tazama sentensi ya "kama hujaitwa". Ndiyo inayotuliza watu 39 kwa mara moja, na ndiyo sababu vikao vya asubuhi haviwezi kuahirishwa hata kimoja. Mmoja wa saba akiwa likizo ya uzazi, mgonjwa au safarini, apigiwe simu na kuzungumzwa naye kabla ya saa 4:30. Akikosekana kabisa, sentensi hiyo haisomwi, badala yake sema: "Sita wameshaambiwa, na tunamtafuta mmoja ambaye hayupo leo." Usimtaje jina, ingawa ndani ya dakika kumi watakuwa wamemjua.

Sababu ya mabadiliko itajwe kama ilivyo. Ikiwa ni kubana gharama, sema ni kubana gharama. "Kuongeza ufanisi" bila mfano hutafsiriwa kantini kuwa "kupunguza watu", kila mara.

Majina ya saba yasisomwe. Wao wataamua kusema au kutosema, na wengi watasema kabla ya chai.

Madereva waliotoka saa 12 asubuhi hawatakuwapo, wala mlinzi wa usiku. Wapewe orodha na mtu wa kuwapigia: msimamizi wa madereva, ambaye ameshaambiwa, awapigie wale walioegesha, aliyeko barabarani apigiwe akifika. Saa 5:15 tangazo lilelile, bila neno kubadilishwa, liwekwe kwenye kundi la WhatsApp la kampuni na kubandikwa ubaoni. Likiandikwa upya "kwa kifupi", watu watalinganisha matoleo mawili na kutafuta kilichofichwa katikati.

Mchana huohuo, si kabla, wauzaji wa Morogoro na Dodoma wanaoleta unga na sabuni wapigiwe simu na ofisa manunuzi. Hao ndio wanaopoteza oda za moja kwa moja, na ndio watakaomwambia kila mwenye duka kwamba "wale wanafunga tawi". Mfanyakazi anayesikia kwa mteja kwamba tawi lake linafungwa hurudi ofisini na swali ambalo tangazo lako lilishalijibu, ila sasa haliamini jibu.

Wiki tatu zinazofuata

Bandika karatasi moja ubaoni yenye safu nne: swali, jibu, anayejibu, tarehe. Kila swali lililoulizwa kwenye mkutano au pembeni liandikwe humo bila jina la aliyeuliza, hata la kukera. Swali lilelile likiletwa na watu watatu tofauti, usidhani ni wagumu wa kuelewa. Sentensi yako ndiyo haikueleweka, iandike upya.

Utajua uvumi umeshika njia kwa ishara ndogo. Mazungumzo yanakatika meneja akiingia. Watu wanaomba taarifa ya akiba zao SACCOS kwa wakati mmoja. Mtu aliyekuwa hachukui likizo anataka siku zake zote. Ukiona hivyo usitafute aliyeanzisha. Ukimpata mmoja, wengine wote watajifunza kunyamaza mbele yako tu. Tafuta kiini cha kweli kilichomo ndani ya uvumi, kwa maana karibu kila uvumi unacho, na ujibu hapohapo kilipozuka. Kwa mfano, mtu ameandika kwenye kundi kwamba stoo ya Dodoma inafungwa. Jibu la meneja wa tawi liwe fupi:

"Ndugu zangu, stoo ya Dodoma haifungwi. Kilicho kweli ni kwamba kuanzia 1 Septemba haitaagiza mzigo yenyewe, itapokea kutoka Dar. Watu wake ni walewale. Mwenye swali anipigie au anione leo mpaka saa 10 jioni."

Ujumbe wa aina ya "puuzeni uvumi unaosambazwa na watu wasioitakia mema kampuni" hauna habari yoyote ndani yake, na unawapa watu jambo jipya la kujadili: nani hao?

Tarehe 24 Julai ikifika na jibu la nauli halijapatikana, toa tangazo siku hiyohiyo kwamba halijapatikana, kwa nini, na tarehe mpya. Tarehe ya kwanza iliyopita kimya ndiyo inayofuta kazi yote ya Jumanne ile. Kuanzia hapo kila tarehe uliyoitaja huhesabiwa kuwa maneno tu.

Mazungumzo ya pili na kila mmoja wa saba yaandikiwe muhtasari wa nusu ukurasa, utiwe saini na wote wawili: alichopendekeza, kilichokubaliwa, kilichokataliwa na sababu yake. Ikiwa hakuna hata pendekezo moja lililobadilisha chochote katika watu saba, jiulize kama mlishauriana au mliarifu tu. Katika mfano wetu mhasibu wa Dodoma anaweza kuomba aendelee kushika fedha taslimu ndogo za tawi, kwa sababu dizeli ya magari haiwezi kusubiri idhini ya Dar. Ni ombi la busara, na likikubaliwa ukurasa wake unarekebishwa kabla ya barua.

Barua ya kila mtu itaje mambo yaliyobadilika tu pamoja na tarehe, iseme kwamba masharti mengine yanabaki kama yalivyo na miaka ya utumishi inaendelea kuhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya ajira, na itoke nakala mbili zenye saini. Ambaye hajakubaliana kufikia 14 Agosti asipewe barua ya kulazimisha. Mpangieni kikao cha tatu na mwakilishi wake, na 1 Septemba muundo uanze huku yeye akifanya kazi zake za zamani ambazo bado zipo. Kibao kipya mlangoni kiwekwe baada ya saini ya mwisho ya idara hiyo.